Saa Moja ya Dubai

Simu ilipolia Alhamisi ile mchana nilikuwa nimekaa. Nilipoikata nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, kalamu mkononi, na sikumbuki niliinuka vipi.

Ofisi yangu iko Kasulu, nyuma ya soko. Ni chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kamera ya picha za pasipoti, na kompyuta ninayokatia watu tiketi za ndege. Kabla ya hapo nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, ndiyo maana mpaka leo naitwa mwalimu, hata na watu ambao sikuwafundisha kipindi kimoja. Kazi ya tiketi niliianza kwa sababu ndugu za watu wa huku wametawanyika. Familia nyingi zenye asili ya Burundi zilipita kambi za wakimbizi. Wengine wakabaki, wakapata uraia, wakalima na kufanya biashara hapa hapa, na wengine wakapelekwa ng'ambo. Siku ya kutembeleana ikifika, wanaobaki wanakuja kwangu.

Aliyepiga simu alikuwa mmoja wao, mfanyabiashara wa maharage na vitenge wa Kibondo mjini. Wiki moja nyuma nilikuwa nimemkatia mama yake tiketi ya kwenda Melbourne, Australia, kwa binti yake, yaani dada wa mfanyabiashara huyo. Dada huyo alikuwa mjamzito, na madaktari walikuwa wamempangia upasuaji siku ya Jumatano. Alitakiwa awe hospitali saa moja asubuhi. Mume wake alikuwa kazini machimboni, mbali, hawezi kurudi kabla ya Ijumaa. Watoto wawili wadogo hawakuwa na mtu wa kubaki nao. Viza ya bibi yao ilichelewa mpaka ikabaki nafasi ya ndege moja tu inayofaa, ya Jumatatu. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwetu sote: bibi alale nyumbani kwa binti yake Jumanne usiku, au binti aende kupasuliwa akiwa hajui watoto wako na nani.

Tiketi niliyomkatia ilikuwa hivi. Kuondoka Dar es Salaam Jumatatu saa kumi na dakika arobaini na tano jioni. Kufika Dubai saa tano na robo usiku. Kuondoka Dubai saa saba na dakika tano usiku huo huo. Kufika Melbourne Jumanne saa mbili na dakika ishirini usiku. Kwenye karatasi saa zimechapwa kwa mtindo wa ishirini na nne, 23:15, 01:05, na mimi nina kawaida ya kuandika pembeni kwa kalamu saa zetu za Kiswahili, ili mtu akifika uwanjani asibabaike. Nilikuwa nimemwandikia hivyo, na chini nikaongeza: kusubiri Dubai, saa moja na dakika hamsini.

"Mwalimu," akasema kwenye simu, "umemwachia mama dakika hamsini."

Nikamwambia hapana, ni saa moja na dakika hamsini, nimeandika.

"Saa ya Dubai umeihesabu?"

Nikachukua kalamu.

"Simu yangu inasema Dubai wako mbele yetu kwa saa moja," akaendelea, taratibu, kama anayepima gunia mbele ya mnunuzi mbishi. "Ndege yetu inafika saa tano na robo. Kwao hapo ni saa sita na robo. Ile ya pili inaondoka saa saba na dakika tano. Haya, toa."

Nikatoa. Zikabaki dakika hamsini.

Bibi alikuwa ameanguka shambani Kitahana mwaka uliopita, na nyonga yake haikurudi sawa. Anatembea, lakini kwa kituo. Hajui kusoma. Anajua Kirundi, Kiha, na Kiswahili cha sokoni. Dakika hamsini, mwanawe akasema, katika uwanja ambao anasikia una treni ndani yake, mama atafika mlangoni akute ndege imeshapaa, na atalala sakafuni kwa Waarabu bila hata wa kumwambia choo kiko wapi.

Ningeweza kumwambia subiri nihesabu tena. Sikumwambia. Kilichonishika ni aibu ya kazi yangu ya zamani. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya madarasa, nikachora mistari ya longitudo ubaoni na kurudia mpaka chaki inaisha: ukienda mashariki ongeza, ukienda magharibi punguza. Dubai iko mashariki. Na mimi sikuwa nimeongeza kitu. Nilikuwa nimechukua saa saba na dakika tano, nikatoa saa tano na robo, basi, kama mtoto wa darasa la nne. Nikamwambia kaka yule kwamba inaelekea nimekosea, na kwamba nitamtafutia nyingine.

Nikampigia wakala wangu wa Dar, dada mmoja mwepesi wa mikono na wa maneno, anayenitolea tiketi zote. Ipo ndege nyingine, akasema: bibi afike Dubai usiku ule ule, asubiri mpaka asubuhi, aondoke Jumanne saa nne na robo, afike Melbourne Jumatano saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jumatano alfajiri bibi angekuwa bado yuko kwenye foleni ya uhamiaji wakati binti yake anafunga mlango wa nyumba kwenda hospitali. Lakini ilikuwa hiyo au dakika hamsini.

"Nakushikia kiti mpaka kesho saa sita mchana," akasema. "Ila fikiri vizuri. Hii ya kwanza imejaa. Ukiiachia, haikai sekunde. Kwani ina nini?"

Nikamwambia muda wa Dubai ni mdogo.

"Mbona mfumo uliikubali? Ndege mbili zikiwa kwenye tiketi moja, mfumo haukuuzii nafasi ya dakika hamsini kati yake pale Dubai." Mteja mwingine akamwita, akakata.

Neno hilo ndilo lililoninyima utulivu. Nilifunga ofisi kabla ya wakati, nikafungua tena kwa sababu nilisahau karatasi, nikafunga. Nikaenda sokoni kununua nyanya, nikarudi na chumvi ambayo nyumbani ilikuwepo. Niliinjika chai, nikaiacha ikapoa, nikaipasha, ikapoa. Nilipokuwa nikikaa, miguu ilitaka kwenda. Nilipokwenda, sikuwa na pa kwenda. Ukishamfundisha mtu kitu kwa miaka mingi halafu ukakishuku mwenyewe, huna hata wa kumuuliza.

Mwishowe nikachukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine, nikaigeuza nyuma, nikaanza mwanzo kabisa, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu waliokwama: usitafute jibu, tafuta unachokijua kwa hakika.

Nilichokijua kwa hakika ni muda wa safari, kwa sababu umeandikwa kwenye tiketi. Dar mpaka Dubai ni saa tano na nusu hewani. Bibi anaondoka saa kumi na dakika arobaini na tano jioni. Ukiongeza saa tano na nusu, kwa saa za kwetu inakuwa saa nne na robo usiku. Saa nne, si saa tano. Lakini tiketi inasema anafika saa tano na robo. Basi ile saa tano na robo haikuwa ya kwetu hata kidogo. Saa moja ya Dubai ilikuwa imeshaongezwa na waliochapa tiketi, kabla karatasi haijanifikia. Kaka yule alikuwa ameiongeza mara ya pili.

Nikajaribu kwa njia ya pili ili nisijidanganye. Nikageuza kila kitu kiwe saa za Tanzania. Kufika, saa nne na robo. Kuondoka Dubai saa saba na dakika tano zao ni saa sita na dakika tano zetu. Kutoka saa nne na robo mpaka saa sita na dakika tano: saa moja na dakika hamsini. Jibu lile lile. Nikalipigia mstari, nikapiga mwingine juu yake mpaka kalamu ikatoboa.

Ni kanuni rahisi, na naiandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayeshika karatasi kama ile na moyo ukamdunda. Kwenye tiketi, kila saa ni ya uwanja uliotajwa pembeni yake. Saa ya kuondoka Dar ni ya Dar. Saa ya kufika Dubai ni ya Dubai. Saa ya kuondoka Dubai ni ya Dubai. Muda wa kusubiri uko kati ya hizo mbili za mwisho, na zote zinasomwa kwenye saa ile ile ya ukutani. Toa tu, na uangalie kama katikati umevuka usiku wa manane, tarehe ikabadilika. Ukitaka kugeuza, geuza zote mbili. Ukigeuza moja peke yake umejitengenezea saa isiyokuwepo duniani. Tofauti ya nchi inahitajika tu ukitaka kujua ndege imekaa hewani muda gani, kwa sababu hapo ndipo unapolinganisha saa za kuta mbili.

Nikampigia kaka yule nikiwa na furaha ya mtu aliyepata mbuzi wake aliyepotea. Hakuifurahia. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kama mchana nilisema ni kosa. Nikakiri. Na sasa si kosa? Si kosa. Akasema yeye, mnunuzi akimwambia gunia lina kilo mia, kisha tisini, kisha mia tena, hamuuzii. Anaenda kutafuta mzani mwingine. Nikaanza kumsomea namba, na namba kwenye simu ni kama maji kwenye kikapu. Akanikatiza kwa adabu.

"Uje unionyeshe, mwalimu. Kwa macho. La sivyo badilisha."

Kwa hiyo Ijumaa nikapanda gari la kwanza kwenda Kibondo. Barabara siku hizi ni ya lami, lakini mimi niliona kila kilima kinaturudisha nyuma. Ukungu ulikuwa umekaa mabondeni, dirisha likaingiza baridi, na kila tuliposimama kushusha abiria niliangalia simu: saa moja na nusu, saa mbili kasoro, saa mbili na dakika kumi. Jirani yangu, mama mwenye kikapu cha parachichi, akaniuliza kama nawahi msiba. Nikamwambia nawahi hesabu. Akasogea kidogo upande wa dirisha.

Nilifika dukani kwake saa tatu na dakika ishirini. Duka lilinukia maharage makavu na vitenge vipya. Bibi mwenyewe alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mzani, sweta juu ya kitenge, fimbo imelazwa magotini. Akanisalimia kwa Kirundi, "Mwakeye", nikaitikia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili asiuachie. Akasema ameambiwa tumegombana juu yake na kwamba hapendi watu wagombane juu ya mtu aliye hai. Mwanawe akacheka, lakini si kwa muda mrefu. Alinipa kiti. Nilikaa, nikainuka, nikakaa.

Nikatandaza karatasi yangu juu ya majora ya vitenge. Nikamwonyesha safu ya kwanza, safu ya pili, mshale huu na ule. Alifuata kwa kidole, mtu mwenye akili kabisa, anayekokotoa bei ya tani kichwani wakati wengine bado wanatafuta kikokotoo. Lakini kila tulipofika Dubai, kidole chake kilirudi pale pale: ndege hii ya kwanza imetoka kwetu, kwa hiyo saa zake ni za kwetu, ya pili inatoka kwao, saa zake ni za kwao, lazima tofauti iingie katikati. Alisema hivyo mara tatu, kila mara kwa upole zaidi, na mara ya tatu nikaelewa kwamba haikuwa ubishi. Alikuwa na sababu, nami nilikuwa sijaiuliza. Hilo ni kosa la mwalimu, kubwa kuliko la hesabu.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nikaikunja karatasi.

"Kaka," nikamwambia, "ukivuka mpaka kwenda Burundi kununua maharage, unafanyaje na saa?"

Akanyoosha mkono, akanionyesha saa yake, ya chuma, kioo kimepasuka. Akasema hii haijawahi kubadilishwa. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, lakini yeye hageuzi mishale. Mtu anayegeuza mishale kila juma anaishia kukosa soko la huku na gari la kule. Anavuka na saa ya Kibondo mkononi. Akifika anaiangalia, anajua amefika saa ngapi. Halafu anamuuliza dereva wa kule gari linaondoka saa ngapi, dereva anamjibu kwa saa ya kule, na hapo yeye anaweka ile saa moja, ndipo anajua atasubiri kiasi gani.

"Ukifika saa nne kwa saa yako, na dereva akasema gari ni saa sita?"

"Nasubiri saa tatu. Sita ya kwao ni saba ya kwangu." Alijibu bila kufikiri.

Na ni sahihi kabisa. Nilimwambia hivyo, na nilitaka alisikie: hesabu yake si mbaya, ni hesabu nzuri ya mtu anayevaa saa. Kufika anakusoma mkononi mwake, kuondoka anakusikia mdomoni mwa dereva. Zinatoka kwenye saa mbili tofauti, lazima azipatanishe.

"Sasa fanya umeisahau nyumbani," nikasema. "Huna saa, huna simu. Unashuka upande wa kule, unaona saa ya ukutani dukani kwa mtu. Inasema saa tatu. Dereva anasema gari ni saa sita. Unasubiri muda gani?"

"Saa tatu."

"Hukuweka ile saa moja."

"Niiweke wapi? Ukuta ni wa kwao, dereva ni wa kwao."

Kwa mara ya kwanza tangu jana miguu yangu ilitulia. Nilimwachia. Ukimfikisha mtu mlangoni, usimsukume ndani.

Akaichukua karatasi mwenyewe, akaikunjua. Akaweka kidole kwenye kufika Dubai.

"Hii nani kaisoma? Mkononi au ukutani?"

"Ukutani. Ukuta wa Dubai. Waliochapa tiketi hawavai saa ya mtu."

"Na hii ya kuondoka?"

"Ukuta ule ule."

Midomo yake ikatembea. Saa tano na robo, saa sita na robo, saa saba na robo, punguza kumi. Akapiga hesabu tena kuanzia Dar, nikamwona anaongeza saa tano na nusu za hewani, anapata saa nne na robo, anainua kichwa. Akaniangalia kama mtu aliyekuta mzani wake mwenyewe umeegemea ukuta.

"Saa moja na dakika hamsini," akasema.

Sikumwachia furaha yote, kwa sababu kweli nusu si kweli. Nikamweleza kwamba muda ule si wa bibi wote. Mlango wa ndege hufungwa kabla ya saa ya kuondoka, na kushuka kwenyewe kunakula dakika. Ila nimemwombea kiti cha magurudumu, atapokelewa mlangoni mwa ndege na kusukumwa mpaka mlango wa pili. Begi lake linakwenda moja kwa moja mpaka Melbourne, hatalishika Dubai. Na kwa kuwa ni tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa akakosa ya pili, watu wa shirika wenyewe wanampandisha inayofuata, ambayo ndiyo ile ya saa nne na robo tuliyotaka kuikimbilia kwa hiari yetu. Kwa maneno mengine, baya kabisa linaloweza kumpata ndilo tulilokuwa tunataka kumnunulia.

Akakuna kidevu. Bado alikuwa na hofu, na hofu ya mwana kwa mama yake haiondolewi na hesabu. Akageuka kumweleza mama kwa Kirundi, na niliweza kufuata kiasi: ukuta, saa, dereva, binti. Bibi alisikiliza huku akizungusha fimbo. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili hicho kiti cha magurudumu ni cha nini, yeye si kilema.

Nikamwambia ni cha heshima, wakubwa hawatembei uwanjani.

"Unanidanganya vizuri," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe unaogopa nitalala chini kwa Waarabu. Mimi nimelala chini kambini miaka mingapi? Hiyo si kitu. Nikifika Jumatano nimemfikia nani? Mtoto wangu atakuwa amekwenda na hao wadogo wako na mgeni. Nipeleke ile ya kwanza."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Kaka yule alinisogezea kiti, akanipa maji, akasimama mlangoni akiangalia barabarani wakati mimi napiga simu Dar. Simu ya wakala ikaita, ikakatika. Ikaita, ikawa inatumika. Niliuzunguka mzani mara mbili, mara tatu, nikajikwaa kwenye gunia, bibi akaniambia nikae, nitamchosha kabla ya safari. Saa tano na dakika ishirini na tano yule dada akapokea, na nikamwambia aachie kiti cha asubuhi, abakize tiketi kama ilivyokuwa mwanzo.

"Nilijua," akasema. "Sikuwa nimeigusa." Akacheka. Niliketi juu ya gunia.

Jumamosi bibi alipanda basi la Dar pamoja na mwanawe. Jumatatu jioni kaka akanitumia ujumbe kwamba mama yake ameingia ndani ya uwanja, kwamba alikubali kiti cha magurudumu baada ya kumwona mwanamume mnene mwenye tai amekalishwa kwenye kimoja. Tangu hapo kila mmoja wetu akabaki na hesabu yake. Sitajifanya kwamba nililala kwa amani kwa sababu nilijua kutoa. Kanuni inakwambia saa zinavyokaa. Haikwambii kama ndege itaruka kwa wakati.

Jumanne nilifungua ofisi mapema nikachapa fomu za watu, nikakosea majina mawili. Melbourne wako mbele yetu kwa saa saba, kwa hiyo saa mbili na dakika ishirini ya usiku kwao ni saa saba na dakika ishirini mchana kwetu. Ilipofika, sikupata kitu. Saa nane, hamna. Nilijikumbusha foleni ya uhamiaji, begi, njia ya kwenda nyumbani. Saa nane na nusu nilimrudishia mteja picha za pasipoti za mtu mwingine, naye akazichukua, akafika mpaka nje ndipo akarudi akiniuliza kama siku hizi nawabadilisha watu sura. Kaka alinipigia kuuliza kama nina habari. Nikamwambia sina. Alinipigia tena baada ya dakika kumi kuuliza kama sina bado.

Saa tisa na dakika arobaini simu ikaita kwa namba ndefu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya binti, imechoka, inacheka. Alisema tu "yuko hapa, mwalimu," akampa simu mama. Nyuma yao watoto walikuwa wakipiga kelele ambazo hakuna mtu anazipiga saa ile ya usiku isipokuwa mgeni kafika.

Nikamuuliza bibi Dubai ilikuwaje, kama walimkimbiza.

"Hakuna aliyenikimbiza. Walinisukuma mpaka mlangoni, wakaniacha hapo na watu. Nikasali rozari nzima. Nikamaliza, nikaona bado, nikaanza nyingine. Nilikuwa katika fungu la tatu waliponiita." Nikasikia mtoto anamvuta na kumuuliza kitu kwa lugha ambayo bibi haijui. "Mwalimu, sasa uniache. Mama yao anaamka alfajiri, ameshanionyesha uji uko wapi na viatu vya shule viko wapi. Hawa wawili wanasema wanalala na mimi, na kitanda walichonipa ni chembamba."

Akakata kabla sijasema kwaheri. Nikampigia mwanawe Kibondo.